Karatasi ya hoteli: maneno manne yaliyotugharimu dola 270



Juma lililopita mama keshie wa chama alisimama mbele ya mkutano akasoma hesabu ya safari ya Unguja. Wengi wetu tulinyamaza. Pesa iliyopangwa haikutosha, na dola 270 zilitoka nje ya mpango. Zile ni pesa za michango ya kila juma, za mama anayeuza dagaa na mama anayeuza muhogo. Mama mmoja aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo moyoni: «Hoteli si ilikuwa imekwisha kulipwa?»

Ndiyo, ilikuwa imekwisha kulipwa, na karatasi tulikuwa nayo. Juu yake kulikuwa na neno kubwa la kijani: «Confirmed», maana yake imethibitishwa. Sisi tulisoma neno hilo, tukafurahi, tukakunja karatasi. Hata sisi walimu tuliosoma Kiingereza kidogo hatukushuka chini, kwenye maandishi madogo. Humo ndimo zile 270 zilikuwa zimejificha, ndani ya maneno manne. Leo tunayafungua moja moja, kwa sababu wajumbe wetu watasafiri tena, na mama wengine hapa wanapokea karatasi kama hizo kutoka kwa watoto walio ng'ambo wanaotaka kuonana nao Kigoma, Dar es Salaam au Nairobi.

Kwanza tukumbushane safari yenyewe. Wajumbe walikuwa wawili, na mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Walialikwa kwenye mkutano wa siku tatu Unguja. Hapa Baraka hatuna kadi ya benki ya kulipia kwenye mtandao, basi tulimwomba dada yetu mmoja aliye Marekani, aliyepitia kambi ya Nyarugusu kabla ya kupelekwa huko. Alilipa kwa kadi yake, sisi tukamrudishia. Karatasi ikaja kwa simu. Iliandikwa hivi:

```
Check-in: 12 June, from 14:00
Check-out: 15 June, until 10:00
1 twin room, 3 nights, half board
Total price: US$ 255
Non-refundable
Late check-out subject to availability
Not included: city tax US$ 5
per person per night
```

Mistari ni michache. Tuanze na ule uliotuumiza zaidi.

«Non-refundable»: pesa hairudi

Neno hili ukilikata vipande linajieleza. «Refund» ni kumrudishia mtu pesa yake. «Non» mbele ni kukana, kama vile Wafaransa wanavyosema. Kwenye karatasi ya Kifaransa utasoma «non remboursable». Maana yake: ukisafiri au usiposafiri, ukiugua au barabara ikifungwa, hoteli imekwisha kula pesa.

Kwa nini mtu akubali jambo kama hilo? Kwa sababu bei yake ni ndogo. Chumba kilekile kilikuwa na bei mbili. Ya kwanza ilikuwa dola 100 kwa usiku, na mbele yake maneno «Free cancellation until 10 June», yaani unaweza kuvunja bila kutozwa hadi tarehe 10. Ya pili ilikuwa dola 85 kwa usiku, pesa hairudi. Kwa usiku 3, ya kwanza ni 300 na ya pili ni 255. Dada yetu alituonea huruma, akachagua ndogo. Tuliokoa dola 45.

Je, ilikuwa akili nzuri? Tupige hesabu pamoja, kama darasani. Chukua safari 20 za namna hiyo. Kwa bei ya pesa-hairudi utalipa 255 mara 20, yaani dola 5,100, hata kama safari nyingine zimekwama. Kwa bei ya kuvunja bure, safari iliyokwama na kuvunjwa mapema hailipwi. Zikikwama 3, utalipa 17 tu: 300 mara 17, nayo ni 5,100 vilevile. Hapo bei mbili zinalingana. Zikikwama chache kuliko 3 kati ya 20, bei ndogo inashinda. Zikikwama zaidi, bei kubwa ndiyo nafuu.

Sasa jiulizeni, mama: safari zetu za ziwa zinakwama mara ngapi? Mtu aliye Nairobi anayepanda ndege kwenda Mombasa anaweza kuchukua pesa-hairudi bila hofu. Lakini sisi tunategemea boti, upepo, barabara, usalama na muhuri wa mpakani. Kwetu sisi kukwama safari 3 kati ya 20 si ajabu hata kidogo. Kwa hiyo mpango wa chama tangu sasa ni huu: safari ya kuvuka ziwa tunalipia bei inayovunjika, na zile dola 45 tunazihesabu kama nauli ya amani.

Lakini angalieni: bei inayovunjika nayo ina mlango unaofungwa. «Until 10 June, 23:59» maana yake ni dakika moja kabla ya usiku wa manane wa tarehe 10, kwa saa ya mahali hoteli ilipo. Unguja wako mbele yetu kwa saa moja. Mlango ukifungwa kule ni usiku, hapa Baraka saa ya ukutani bado inaonyesha 22:59. Mtu atakayengoja hadi dakika ya mwisho ya Baraka amekwisha kuchelewa. Ukivunja baada ya hapo, hoteli nyingi hutoza usiku wa kwanza, nyingine hutoza zote. Yote huandikwa chini ya neno «Cancellation policy», yaani masharti ya kuvunja.

«No-show»: neno lisiloonekana hadi likupate

Hili halikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi yetu. Lilikuwa ndani ya masharti, nalo ndilo lililomaliza kazi.

Boti ilikuwa iondoke Baraka tarehe 9. Mnajua mwezi wa sita upepo wa kusi unavyoinua mawimbi. Nahodha alikataa kuondoka, na tunamshukuru. Boti iliondoka siku iliyofuata. Basi la Kigoma likawaacha, wakangoja lingine. Walifika Dar es Salaam usiku wa tarehe 12, usiku uleule waliokuwa wamepangiwa kitanda Unguja. Asubuhi ya 13 walivuka, na mchana walikuwa mbele ya meza ya mapokezi, wamechoka, mtoto analia.

Karani aliangalia mashine akasema: «Nyinyi mmeandikwa no-show.» Maana yake: mgeni hakuonekana. Kwa hoteli, asiyeonekana usiku wa kwanza bila kutoa habari amehesabiwa kwamba hataki chumba chote, si usiku ule mmoja tu. Walivunja nyakati zote tatu, wakauza chumba kwa mtu mwingine. Na kwa kuwa bei yetu ilikuwa pesa-hairudi, 255 zilibaki kwao.

Wajumbe wetu walilia, lakini karatasi haikuwa upande wao. Hatimaye kulipatikana chumba kingine kwa usiku 2, kwa bei ya siku hiyo: dola 100 kwa usiku. Hizo ni 200, za kwanza katika zile 270.

Tulipomuuliza karani wangefanya nini ili wasipoteze, jibu lake lilikuwa fupi: «Mngepiga simu jana kabla ya usiku wa manane, mngesema mnachelewa, tungewashikia.» Na ni kweli, kwa sababu chumba kilikuwa kimelipwa, hoteli haina hasara ikikishika. Usiku wa kwanza ungepotea, lakini zile mbili zingebaki. Simu moja ya unite chache ingeokoa dola 200. Wajumbe walikuwa na simu, na namba ya hoteli ilikuwa chini ya karatasi. Hawakujua tu kwamba kunyamaza ni kuvunja.

Jambo moja zaidi hapa, kwa mama anayelipiwa na mtoto wake aliye ng'ambo. Pesa ikirudi, inarudi kwenye kadi iliyolipa, si mkononi mwako. Usigombane na karani akupe mkononi, hawezi. Na hoteli nyingine huandika kwamba anayelipa aonyeshe kadi yake mlangoni. Ukiona mstari wenye neno «card» karibu na «check-in», mwambie mtoto wako aiandikie hoteli mapema kwamba yeye ndiye mlipaji na mama yake ndiye mgeni, na jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasiporti.

«Half board»: si ubao, ni sahani

Tulicheka sana juu ya neno hili. Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la sita alitafsiri «nusu ubao». Hakukosea sana! Zamani kwa Waingereza «board» lilikuwa ni ubao unaowekewa chakula, yaani meza. Kutoka hapo likawa neno la chakula anachopewa mtu anapolala. Ndiyo maana shule ya bweni kwao ni «boarding school»: mtoto analala na kula. Kwa hiyo «half board» ni nusu ya chakula. Waliosoma Kifaransa wataelewa mara moja: ni «demi-pension».

Nusu ipi? Kawaida ni chakula cha asubuhi na cha jioni. Cha mchana ni juu yako. «Full board», yaani «pension complète», ni milo yote mitatu. «Bed and breakfast» ni kulala na chai ya asubuhi. «Room only» ni chumba peke yake, hata chai hupati.

Wajumbe wetu kwa upande huu hawakuumia sana, kwa sababu mkutano ulikuwa unatoa chakula cha mchana. Lakini kuna mambo mawili waliyojifunza mezani.

La kwanza ni vinywaji. Jioni waliagiza chupa mbili za maji na soda, wakidhani zimo. Hazikuwamo. Mahali pengi nusu ya chakula ni sahani. Maji, soda na juisi ya jioni vinalipwa mbali. Chai na kahawa ya asubuhi huwa ndani. Ulizeni kabla ya kufungua chupa.

La pili ni kwamba mlo hauhamishwi. Ukirudi usiku wakati jiko limefungwa, chakula cha jioni hicho kimepita. Hupewi cha mchana kesho yake badala yake. Na hesabu ya milo huanza na jioni ya kufika, huisha na asubuhi ya kuondoka. Usiku 3 ni jioni 3 na asubuhi 3. Ukijua utachelewa, sema asubuhi; hoteli nyingi hukubali kukuwekea sahani. Vivyo hivyo ukiondoka alfajiri kabla ya jiko kufunguliwa, waombe jioni wakufungie mkate, yai na matunda. Umekwisha kulipia.

Kabla ya kuchagua bei ya nusu ya chakula, linganisheni. Chukua bei ya «half board», toa bei ya «bed and breakfast» ya chumba kilekile. Kinachobaki ni bei ya chakula cha jioni. Kama ni dola 20 kwa watu wawili, jiulize kama nje ya hoteli mnaweza kushiba kwa chini ya hapo. Kwa mama aliye na mtoto mchanga, katika mji asioujua, usiku, mara nyingi kulipia ndani ni bora. Kwa wajumbe wanne wanaotembea pamoja, huenda sivyo.

«Late check-out»: kuchelewa kutoka

«Check-in» ni kuingia na kuandikwa. «Check-out» ni kutoka na kurudisha ufunguo. Karatasi ilisema kutoka ni hadi 10:00.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni namna ya kuhesabu saa. Kwenye karatasi 10:00 si saa kumi yetu. Ni saa nne ya asubuhi. Saa kumi yetu ya jioni wao wanaiandika 16:00. Njia rahisi ya kugeuza: kuanzia 7:00 hadi 18:00 toa sita. 10 toa 6 ni 4, saa nne. 14:00 toa 6 ni 8, saa nane ya mchana, ndiyo saa ya kuingia chumbani.

Mtego wa pili ni ile saa moja ya tofauti. Mjumbe mmoja alikuwa na saa ya mkononi aliyoiweka Baraka, hakuigeuza. Asubuhi ya mwisho aliona saa yake inaonyesha saa tatu na nusu, akaendelea kufunga mizigo taratibu. Kwa saa ya Unguja ilikuwa saa nne na nusu. Walikuwa wamepita nusu saa.

Mama, mkifika tu Kigoma, geuzeni saa mbele kwa saa moja. Simu nyingine hujigeuza zenyewe zikipata mtandao, nyingine hazijigeuzi. Tazameni saa ya ukutani kwenye mapokezi, ndiyo inayotawala.

Boti yao ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa ya alasiri, na mama mwenye mtoto alitaka mahali pa kumlaza. Waliomba kubaki chumbani. Karani aliwaambia inawezekana hadi jioni, kwa nusu ya bei ya usiku mmoja: dola 50. Walilipa. Hizo ni za pili katika zile 270.

Hoteli nyingi hufanya hivyo: kubaki hadi jioni ni nusu ya bei, kupita jioni ni usiku mzima. Maneno «subject to availability» maana yake ni: kama chumba hakina mgeni mwingine anayekingoja. Yaani karatasi haikuahidi kitu. Imesema tu kwamba unaruhusiwa kuomba.

Namna ya kuomba ina faida yake. Omba jioni ya siku iliyotangulia, si asubuhi ile. Jioni karani anajua vyumba vingapi vitajaa kesho, na saa moja au mbili za ziada mara nyingi hutolewa bure kama hakuna wa kuingia. Uliza maneno mawili tu: hadi saa ngapi, na kwa bei gani. Asubuhi, muda ukiwa umekwisha kupita, huna tena nguvu ya kuomba, unatozwa.

Na kama hitaji lenu ni mizigo tu, msilipie chumba. Karibu kila hoteli huweka mizigo ya mgeni aliyetoka, bila pesa, hadi saa ya safari. Mnarudisha ufunguo saa nne, mnaacha mabegi mapokezi, mnapewa kikaratasi au namba, mnakwenda sokoni. Wajumbe wetu hawakujua. Labda hata kwa mtoto ile dola 50 ilistahili. Yeye mama ndiye anayejua. Lakini angeamua akijua, si kwa kubanwa.

«City tax»: kodi ya kulala mjini

Mstari wa mwisho wa karatasi ulisema dola 5 kwa kila mtu kwa kila usiku, na mbele yake «Not included», yaani haimo katika bei. Kodi hii si ya hoteli. Ni ya serikali au ya mji. Hoteli inakusanya tu na kuipeleka. Unguja wenyewe wanaiita kodi ya miundombinu, na mtandao wa kuuza vyumba unaiandika kwa jina lake moja la nchi zote, «city tax». Kwenye karatasi ya Kifaransa ingekuwa «taxe de séjour».

Tuisome polepole: «per person per night». Kwa mtu, kwa usiku. Si kwa chumba. Kosa la kawaida ni kuona 5 na kuweka dola 5 mfukoni. Hesabu ni 5 mara watu mara usiku. Kama wangelala usiku 3 ilikuwa 5 mara 2 mara 3, dola 30. Walilala 2, wakalipa 20. Mtoto mchanga hakuhesabiwa. Hizo ndizo za mwisho: 200 na 50 na 20, ni 270.

Kodi hii haina hila, ila ilitukuta hatujaipanga. Na ina upande mmoja mwepesi: haidaiwi kwa usiku usiolala. Ndiyo maana katika ule usiku uliopotea hoteli haikudai kodi juu yake. Mtu akitaka kukutoza kodi ya usiku ambao hukuwapo, mwonyeshe karatasi.

Kila mji una namna yake. Mahali pengine ni pesa moja kwa mtu, kama hapo. Mahali pengine ni sehemu ya bei ya chumba: Amsterdam, tangu 2024, ni asilimia 12.5 ya bei. Hapo chumba cha yuro 100 kina kodi ya yuro 12 na senti 50. Kwa hiyo usichukue kiwango cha jirani aliyesafiri mwaka jana. Kiwango hubadilika kwa mji, kwa daraja la hoteli na kwa tangazo la serikali. Soma karatasi yako wewe. Tafuta maneno mawili: «included», imo, au «not included», haimo. Ukilipa, daini risiti yenye jina la kodi, tofauti na ya chumba. Mama keshie ataihitaji.

Karatasi ijayo

Safari ijayo karatasi itasomwa na watu wawili kabla ya pesa kutumwa: mmoja wa walimu na mama keshie. Tutaandika kwa kalamu, pembeni ya kila mstari, kwa Kiswahili, namna hii: pesa inarudi hadi tarehe gani na saa gani ya kule, chakula kipi kimo, kutoka ni saa ngapi yetu, kodi ni dola ngapi kwa wote kwa siku zote. Kodi hiyo itawekwa kwenye bahasha yake peke yake. Na namba ya simu ya hoteli itaandikwa kwa herufi kubwa mgongoni mwa karatasi, maana simu huzimika.

Tunamaliza na jambo ambalo mama mwenye mtoto alituambia aliporudi, nalo lilituchoma kuliko hesabu. Alisema usiku ule wa tarehe 12, Dar es Salaam, alifikiri kupiga simu hotelini kusema wanachelewa. Alishika simu, akatazama karatasi iliyojaa Kiingereza, akaona haya, akairudisha mfukoni. Alidhani atakayejibu atasema Kiingereza.

Kesho yake aliyewapokea mezani alikuwa dada wa Kiunguja. Salamu ya kwanza aliyowapa ilikuwa: «Karibuni, poleni na safari.»

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza kwa sababu iliandikwa na mashine ya mtandao. Hoteli yenyewe ilikuwa inaongea Kiswahili. Kigoma, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, hata Nairobi, hali ni hiyo. Basi mama, ukikwama njiani, usiogope maneno ya karatasi. Piga namba iliyo chini yake, sema jina lililoandikwa, sema: «Tumechelewa, tunafika kesho mchana, tafadhali tushikieni chumba, na mtutumie ujumbe kuthibitisha.» Kisha ujumbe ukija, uhifadhi usiufute, hadi utakaporudi nyumbani.